Gauni Moja, Rangi Mbili

Maharusi wanakata keki. Kamera kubwa iliyo kwenye stendi inaonyesha gauni la bibi harusi likiwa na rangi ya chungwa iliyofifia. Picha inahamia kwenye simu ya binamu aliyesimama karibu na meza, na gauni lile lile linakuwa jeupe pe. Mama wa bibi harusi hana habari na mambo ya kamera, lakini hapo lazima atauliza: "Mwanangu, mbona gauni limegeuka la njano?"

Chanzo ni taa za ukumbi. Balbu za mwanga wa njano huwa karibu na Kelvini 3,000, na jua la mchana linakaribia 5,600. Ikiwa mpigapicha aliipanga kamera yake 5600K alipokuwa akipiga nje ya kanisa, kisha akaingia ukumbini bila kubadilisha, kila kitu cheupe kitaelekea chungwa. Simu haipangwi na mtu. Inaukadiria mwanga yenyewe na kusahihisha, tena haiishii hapo: inaziangaza nyuso zilizo gizani, inakoleza rangi na kunoa kingo. Kwa hiyo tofauti ya vipande hivi viwili iko kwenye rangi, kwenye mwangaza, na hata kwenye namna kivuli kinavyokutana na nuru shavuni.

Kabla ya kugusa rangi yoyote, angalia simu ilirekodi kwa mfumo gani. Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hurekodi video ya HDR zisipozuiwa, na kipande cha namna hiyo kikiwekwa pamoja na video ya kawaida kinaweza kuonekana kimechujuka, au kimeng'aa kupita kiasi. Kukihangaikia kwa macho ni kupoteza usiku mzima. Kwenye DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, kiwekee Color Space Transform: upande wa kuingilia chagua Rec.2020 na Rec.2100 HLG, upande wa kutokea Rec.709 na Gamma 2.4. Baada ya hapo vipande vyote viwili vinapimwa kwa kipimo kimoja.

Sasa amua nani amfuate nani. Wengi huanza kuivuta simu ifanane na kamera, kwa kuwa kamera ndiyo nzuri zaidi. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoharibika. Video ya kawaida ya simu imebanwa sana na imeshapikwa tayari; ukiivuta kwa nguvu, mashavu yanaanza kuonyesha mabaka, na ukuta laini wa nyuma unagawanyika kuwa mistari. Kamera iliyorekodi kwa biti 10 inastahimili kuvutwa. Basi mwenye nguvu amfuate mnyonge: iache simu karibu na ilipo, uisogeze kamera.

Tafuta fremu mbili za wakati mmoja, zote zikionyesha gauni, suti nyeusi ya bwana harusi na uso. Fungua Scopes, chagua Parade. Utaona safu tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikipimwa kutoka 0 hadi 1023. Usiyategemee macho peke yake hapa, kwa sababu jicho huzoea: likitazama picha ya chungwa kwa dakika chache, chungwa linageuka kuwa kawaida. Kama kompyuta yako ina Night Light au True Tone, izime.

Tuseme kwenye kamera sehemu ya gauni inasoma nyekundu 850, kijani 730, bluu 560. Kwenye simu inasoma 940, 945 na 915, yaani karibu sawa, na ndiyo maana inaonekana nyeupe. Anza na mwangaza. Pandisha gurudumu la Gain la kamera mpaka kijani kifike karibu na 940. Safu zote zitapanda, na nyekundu itataka kupita ukingo wa juu. Hapo ndipo unaishusha Gain ya nyekundu peke yake na kupandisha ya bluu, mpaka safu tatu za gauni zilingane na za simu. Ukianza na rangi kabla ya mwangaza utairudia kazi, maana kila unapopandisha mwangaza rangi nayo inahama.

Kisha tazama suti. Bluu imepandishwa sana, kwa hiyo huenda suti nyeusi imeanza kuwa ya samawati. Punguza bluu kwenye Lift mpaka weusi urudi. Kuza picha uangalie vivuli. Chini ya balbu za njano bluu ndiyo safu dhaifu kuliko zote, na ukiipandisha, chembechembe zinajitokeza kwanza huko gizani. Zikizidi, kubali gauni la kamera libaki na joto kidogo, kisha iongezee simu joto hilo hilo. Ongezeko dogo la namna hii simu inalimudu.

Uso unakuja mwisho, nao ndio utakaoamua kama kazi imefanikiwa. Simu imeuangaza uso wa bibi harusi, ilhali kamera imeuacha na kivuli chake cha asili. Inua Gamma ya kamera kidogo kidogo mpaka mashavu yakaribiane, halafu fungua Vectorscope na uwashe mstari wa ngozi. Ngozi ya watu, iwe nyeusi au nyeupe, huangukia karibu na mstari huo. Wanachotofautiana zaidi ni mwangaza, ambao kipimo hiki hakiuonyeshi. Uso wa simu ukiegemea kijani na wa kamera wekundu, tumia Hue vs Hue kuzungusha rangi ya ngozi peke yake bila kuligusa gauni. Linganisha pia ukolezi: mara nyingi simu ndiyo inayohitaji kupunguzwa Saturation kidogo.

Programu ina amri ya Shot Match inayojaribu kufanya yote haya kwa mbofyo mmoja. Husaidia pale fremu mbili zinapofanana kwa yaliyomo. Kamera ikiwa imechukua pazia la zambarau nyuma ya maharusi na simu imechukua keki tu, amri hiyo italihesabu pazia ndani ya ulinganisho na kuziharibu nyuso.

Yapo matatizo mawili ambayo marekebisho hayo hayayafikii. La kwanza ni simu kubadili makadirio yake katikati ya kipande. Binamu anageuka kutoka kwa bibi harusi kwenda kwenye mapambo, anarudi, na gauni limeshapoa. Litazame gauni peke yake kuanzia mwanzo wa kipande hadi mwisho. Likibadilika, kata kipande hapo na usahihishe kila upande, au weka keyframes. Kinga yake ni ya siku ya tukio: washa Lock White Balance kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, au tumia Pro Video kwenye simu za Samsung zenye huduma hiyo. Zote mbili, kamera na simu, zielekezwe kwenye karatasi moja ya kijivu pale watakaposimama maharusi, zirekodi sekunde chache chini ya taa zitakazotumika. Karatasi hiyo itakurahisishia Parade kuliko gauni lolote.

La pili ni taa za LED za zambarau na bluu za jukwaani. Zikimwangazia mtu usoni, safu ya bluu inagonga ukingo na kijani karibu inatoweka. Shavu linakuwa doa lisilo na mkunjo wala kivuli. Isitoshe, kila kihisi kina vichujio vyake, kwa hiyo kamera itaiona bluu ile kama samawati na simu itaiona kama urujuani. Taarifa ya ngozi haikurekodiwa, na hakuna gurudumu litakaloirudisha. Wakati wa kucheza muziki tumia chombo kimoja tu, au kati ya vipande viwili weka picha ya watu wanaopiga makofi mezani, mbali na taa hizo, ili rangi hizo mbili zisikutane uso kwa uso.