Mkataba wa Mama, Gesi ya Kaka

Kuanzia mwaka 2007 hadi 2017, mtu aliyejaza mafuta kwenye kituo cha Gapco, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, alikuwa akimuungisha Mukesh Ambani, kwa kuwa kampuni yake, Reliance Industries ya Mumbai, ndiyo iliyomiliki hisa nyingi za Gapco kabla ya kuwauzia Total. Kwetu ilikuwa bendera ya kituo cha mafuta tu. Kwao India, miaka hiyohiyo, Mukesh na mdogo wake Anil walikuwa wanaburuzana mahakamani kwa sababu ya karatasi waliyoitia saini mbele ya mama yao.

Baba yao, Dhirubhai Ambani, alianza maisha kama karani huko Aden, akarudi Bombay kufanya biashara ya nyuzi na vitambaa, akaishia na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta. Alipata kiharusi cha kwanza mwaka 1986. Cha pili kilimpata Juni 2002, na tarehe 6 Julai akafariki. Hakuacha wosia.

Hapo ndipo wengi huishia kulaumu, na lawama hiyo ina haki: kutoka kiharusi cha kwanza hadi cha mwisho ni miaka 16, muda wa kutosha kumwita wakili nyumbani. Lakini wosia peke yake usingemaliza kazi. Familia haikuishika Reliance kwa hisa zilizoandikwa majina yao waziwazi. Sehemu kubwa ilipitia kampuni nyingi ndogo za uwekezaji, kila moja ikishika kipande cha nyingine. Alivyokuwa hai, mzee alijua kipi ni cha nani. Alipoondoka, sheria ya mirathi ya Wahindu ilisema mjane na watoto wote wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, wagawane sawa. Wagawane nini hasa? Aliyeshika usukani wa zile kampuni ndogo ndiye aliyeshika Reliance, hata kama mirathi ingegawanywa kwa mizani.

Mukesh akawa mwenyekiti, Anil makamu wake. Julai 2004 bodi ikapitisha azimio lililoweka wazi kwamba makamu yuko chini ya mwenyekiti. Anil akalipinga. Novemba mwaka huo Mukesh akakiri kwenye televisheni kwamba kuna masuala ya umiliki ndani ya familia, na bei ya hisa ikaporomoka. Walioumia ni watu wasiowajua kabisa hao ndugu, kwani Reliance ilikuwa kwenye soko la hisa tangu 1977 na wanahisa wake walihesabika kwa mamilioni.

Mama, Kokilaben, akaingilia kati. Akisaidiwa na mkuu wa benki ya ICICI, K. V. Kamath, aliyepima thamani ya kila upande, alitangaza suluhu tarehe 18 Juni 2005. Mukesh akapewa mafuta na kemikali. Anil akapewa simu, umeme na huduma za fedha. Wakakubaliana pia kwamba hakuna atakayeingia kwenye biashara ya mwenzake, na kwamba mmoja akitaka kuuza, mwenzake apewe nafasi ya kwanza ya kununua. Kama usuluhishi wa nyumbani, mama alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Kasoro ilikuwa kwenye kipengele kimoja.

Anil alikuwa na umeme lakini hakuwa na cha kuuzalisha. Mukesh alikuwa na kisima cha gesi baharini, kwenye Ghuba ya Bengal. Makubaliano ya kifamilia yakasema Reliance itaiuzia kampuni ya Anil gesi, mita za ujazo milioni 28 kwa siku, kwa miaka 17, kwa dola 2.34 kwa kila kipimo cha kibiashara. Mwaka 2007 serikali ikaidhinisha bei ya gesi hiyohiyo kuwa dola 4.20. Fanya hesabu: gesi hiyo ni kama vipimo milioni moja kwa siku, na tofauti ni dola 1.86 kwa kila kipimo. Ni karibu dola milioni 2 kila siku ya Mungu, na zingetoka kwenye mfuko wa kampuni ambayo familia ilikuwa mmoja tu wa wamiliki wake. Mukesh akagoma. Anil akashinda Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2009.

Tarehe 7 Mei 2010 Mahakama ya Juu ya India ikageuza meza. Majaji walio wengi walisema gesi ni mali ya umma na bei iko mikononi mwa serikali. Kisha wakagusa jambo ambalo kila familia yenye kampuni inapaswa kulisoma mara mbili: makubaliano ya mama na wanawe wawili ni ya hao watatu. Wanahisa hawakuyaona, hawakuyapigia kura, kwa hiyo hayaifungi kampuni. Mukesh aliweza kuahidi cha kwake. Hakuweza, sebuleni, kuahidi cha Reliance.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, ingawa ilimuumiza aliyekuwa na karatasi mkononi. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ahadi ya familia huifikia kwa kupita mlangoni: ipelekwe kwenye bodi, wenye maslahi wakae pembeni wakati wa kura, au iingizwe kwenye katiba ya kampuni pale inapohusu uuzaji wa hisa. Ikibaki kwenye kabati la mama, ni heshima tu.

Na heshima ilikuwa imeshaanza kuisha. Mwaka 2008 Anil alikuwa kwenye mazungumzo ya kuunganisha kampuni yake ya simu na MTN ya Afrika Kusini; upande wa Mukesh ukadai ile haki ya kununua kwanza, na mazungumzo yakavunjika. Baada ya hukumu ya 2010 ndugu walifuta katazo la kushindana. Wiki chache baadaye Mukesh akanunua kampuni yenye masafa ya intaneti, ambayo ndiyo iliyozaa Jio mwaka 2016. Bei za Jio zilizinyonga kampuni nyingi za simu, na ya Anil ikaingia kwenye ufilisi mwaka 2019. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilimwonya Anil kwamba atafungwa asipoilipa Ericsson deni lake. Likalipwa, naye akamshukuru kaka yake hadharani.

Agosti 2023 Mukesh alitangaza kwamba watoto wake watatu, Isha, Akash na Anant, wanaingia kwenye bodi, na mama yao Nita anatoka. Tayari kila mmoja alikuwa na eneo lake: Isha maduka, Akash simu, Anant nishati. Hawakupewa mshahara, bali posho ya vikao na sehemu ya faida. Majina yao yakapelekwa kwa wanahisa. Washauri wa wawekezaji walimpinga Anant, aliyekuwa na miaka 28, kwa kukosa uzoefu, naye akapata kura pungufu kuliko ndugu zake, ila akapita.

Mwenye kampuni ya familia Tanzania anayesoma haya aanze na jambo dogo: aangalie kumbukumbu za Brela zinasema hisa ni za nani, kisha alinganishe na anachowaambia watoto mezani. Vikitofautiana, siku ya mirathi kitakachosomwa ni cha Brela.