Je, Wajua? Mstari Mwekundu Kwenye Picha za Zamani

Ule mstari mwekundu kwenye picha za filamu ya rangi mara nyingi ni mwanga uliovujia nyuma ya kamera, sponji ya mlango ilipochakaa. Itazame negativu yenyewe: doa likifika hadi kwenye matundu ya pembeni, si kosa la skana.

Tuseme picha ya harusi ya Magamba, Mpanda, ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, na ukungu wa mwanga huo umekula 3 upande wa kushoto. Ukikata hizo 3, kata pia 2 za kimo. Zitabaki 33 kwa 22, na picha itaenea sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Ukungu ukigusa uso wa bibi harusi, usikate. Na skani kamili usiifute kamwe.