Ufa Uliolala na Ufa Unaotembea: Kuipima Nyumba Ufukweni Liuli

Nyumba ikipasuka, swali la kwanza la mwenyewe huwa ni upana wa ufa. Upana una maana yake: kwa kipimo kinachotumiwa na kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, BRE, ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa mdogo, na wa milimita 5 hadi 15 huhesabiwa wa wastani. Lakini upana ni historia tu. Ufa wa milimita 12 uliokoma miaka mingi iliyopita hauna hatari ya ufa wa milimita 4 unaoongezeka kila masika, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Fundi anayeuziba kwa saruji siku hiyohiyo anafuta ushahidi wenyewe.

Zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ukuta umetembea. Kioo kinasema mara moja tu, wala hakisemi umetembea kiasi gani na kuelekea wapi. Na gundi ikiachia, kioo kinabaki kizima huku ukuta ukiendelea na safari. Afadhali skrubu tatu zilizokazwa ukutani kwa fisha, mbili upande mmoja wa ufa na moja upande wa pili, zikifanya pembetatu. Ukipima kwa kalipa umbali kati yazo hadi sehemu ya kumi ya milimita, unapata kutanuka kwa ufa na pia kuteleza kwa upande mmoja dhidi ya mwingine. Pima asubuhi, saa ileile, kabla jua halijaupiga ukuta. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye mita 10 ukipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 1, kiasi cha kumdanganya mtu kwamba nyumba inakwenda.

Skrubu zina upungufu mmoja mkubwa: haziwezi kusema ni upande upi uliozama. Hiyo ndiyo kazi ya pini za usawa, yaani bolti za chuma kisichoshika kutu, zenye vichwa vya mviringo, zilizopachikwa kuzunguka nyumba karibu na msingi. Urefu wa kila pini unalinganishwa na alama moja isiyozama. Hapo Liuli, bandari ya Ziwa Nyasa, ina bahati. Wajerumani waliita bandari hii Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake wenye sura ya sfinksi, na alama iliyochongwa kwenye mwamba wa asili haizami pamoja na mchanga. Ukichagua shina la mwembe au kizingiti cha jirani, unaweza kumpima jirani badala ya nyumba yako. Darubini ya wapima ardhi ndiyo bora; mpira wa maji wa mafundi nao unafaa, ila kiputo kimoja cha hewa ndani yake kinatosha kuharibu vipimo vyote. Anza mwambani, zunguka nyumba, rudi mwambani: namba ya mwisho ikitofautiana na ya kwanza kwa zaidi ya milimita 1, rudia kazi yote.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 12 yenye nyufa mbili. Kipimo cha kwanza ni Mei, ziwa likiwa juu baada ya masika. Ufa wa kwanza, juu ya mlango, unatanuka milimita 0.7 kufikia Novemba, na Mei ya pili umerudi karibu pale ulipokuwa. Mwaka unaofuata unafanya vilevile. Huo ni udongo wa kujengea unaosinyaa kiangazi na kuvimba masika, hauna safari.

Ufa wa pili, kwenye kona inayotazama ziwa, Novemba umeongezeka 0.2 tu, Mei 1.6, Novemba ya pili 1.7, Mei ya tatu 2.9. Pini ya kona ile imeshuka milimita 1, 4, 4.5, kisha 7, na pini nyingine zote hazijapita milimita 1. Linganisha Mei na Mei: kona inazama, na kwa sehemu kubwa inazama wakati wa mvua. Basi mshukiwa wa kwanza ni maji, na mahali pa kwanza pa kutazama ni bati lisilo na mfereji, linalomwaga maji palepale kwenye kona na kuchukua mchanga wa chini ya msingi.

Kuna mpaka wa ushahidi huu ambao watu huusahau. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka takriban mita 1 kila mwaka, lakini lina mizunguko mirefu zaidi: mwaka 1915 lilikuwa chini kiasi kwamba maji yaliacha kutoka kuingia Mto Shire, na mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa juu sana. Vipimo vya miaka miwili vinahukumu misimu, havihukumu mizunguko hiyo. Kona iliyotulia ziwa likiwa chini inaweza kuanza kuzama upya maji ya ardhini yakipanda na kuulegeza mchanga.

Kwa hiyo ufa wa mlangoni uzibwe kwa chokaa laini inayokubali mwendo mdogo. Kona isizibwe: uwekwe mfereji, maji yapelekwe mbali na msingi, kisha pini zisomwe tena Mei mbili zinazofuata. Ikiwa kona bado inashuka zaidi ya kosa la kipimo, ndipo gharama ya kuchimba na kuongeza msingi inapokuwa na hoja.