ESP32 Inapogoma Kupokea Programu

Programu imeandikwa, kompyuta imeikagua na haikuona kosa, kebo imechomekwa, na taa ndogo ya bodi ya ESP32 inawaka. Unabofya kitufe cha kupakia. Nukta zinaanza kujipanga kwenye skrini baada ya neno `Connecting`, zinazidi kurefuka, kisha yanatokea maandishi haya:

```
A fatal error occurred: Failed to connect to ESP32: Timed out waiting for packet header
```

Wanaoanza kazi hii wakikutana na ujumbe huo hudhani chipu imeungua, na wapo wanaokwenda dukani kununua nyingine. Mara nyingi bodi ni nzima. Iko kazini, inaendesha programu yake ya zamani, na kwa sababu hiyohiyo haina nafasi ya kupokea mpya.

Ndani ya ESP32 mna programu fupi iliyochomwa kiwandani, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuifuta wala kuibadilisha. Hata ukipakia programu mbovu kiasi gani, hiyo itabaki salama. Ndiyo inayoamka kwanza kila chipu inapopata umeme au inapowashwa upya, na jambo la kwanza inalofanya ni kutazama hali ya pini fulani. Muhimu kuliko zote ni GPIO0. Ikiwa pini hiyo ina umeme, yaani iko juu, chipu hufungua kumbukumbu na kuendesha programu iliyokwisha kuwekwa. Ikiwa pini imeshushwa hadi sifuri kwa kuunganishwa na GND, chipu huacha kila kitu na kukaa ikisubiri programu mpya kupitia waya za mawasiliano. Uamuzi huo hufanywa mara moja tu, wakati wa kuamka. Ukiishusha GPIO0 sekunde moja baadaye, umechelewa, kwa kuwa chipu haiitazami tena kwa kazi hiyo.

Pini hiyo ina kizuizi cha ndani kinachoivuta juu, kwa hiyo isipoguswa na yeyote, chipu itaamka kikawaida daima. Ili ipokee programu, lazima kitu kiishushe kwa makusudi.

Upande wa kompyuta, kazi ya kupakia hufanywa na programu iitwayo `esptool`, hata pale unapotumia Arduino IDE bila kuiona. Hiyo hupiga hodi: hutuma ujumbe mfupi, ikasubiri kidogo, ikatuma tena. Chipu iliyo tayari hujibu kwa paketi ambayo baiti yake ya kwanza ni `0xC0`. Baiti hiyo ndiyo inayosubiriwa katika ujumbe wa kosa tuliouona. Kwa hiyo kosa hili lina maana finyu kuliko watu wanavyodhani: halisemi kwamba jibu lilikuwa baya, linasema hakuna jibu lililofika. Kama kingerudi kitu kisichoeleweka, ungesoma `Invalid head of packet`. Matoleo mapya ya `esptool` yamekuwa wawazi zaidi, na huweza kukuambia moja kwa moja kwamba chipu imeamka katika hali isiyofaa.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi na haihitaji kifaa chochote cha ziada. Fungua Serial Monitor, weka kasi ya 115200, kisha bonyeza kitufe cha EN kwenye bodi, ambacho bodi nyingine hukiandika RST. Chipu inapoamka huandika mistari michache, na mmoja wao huwa na neno `boot`. Ukiona hivi, imekwenda kuendesha programu ya zamani:

```
boot:0x13 (SPI_FAST_FLASH_BOOT)
```

Sasa shikilia kitufe cha BOOT, bonyeza EN na kukiachia, halafu achia BOOT. Kitufe cha BOOT kazi yake ni kuunganisha GPIO0 na GND. Safari hii mwisho wa mistari utaona:

```
waiting for download
```

na namba iliyo baada ya `boot:` imegeuka kuwa `0x3`. Chipu imeshika hali inayotakiwa. Funga Serial Monitor, maana mlango mmoja wa USB hautumiwi na programu mbili kwa wakati mmoja, kisha pakia. Ikikubali, umejua chipu, kebo na waya za mawasiliano ni nzima, na tatizo liko katika namna bodi inavyojishusha yenyewe.

Hapo ndipo jambo lenyewe linaponoga. Bodi nyingi zenye mlango wa USB hazikuhitaji ubonyeze kitu. Zina transista mbili zinazopokea ishara mbili kutoka kwenye kompyuta, DTR na RTS. RTS ikiwa peke yake, EN hushuka na chipu hulala. DTR ikiwa peke yake, GPIO0 hushuka. Zikija zote mbili kwa pamoja, hakuna kinachoshuka. `esptool` huilaza chipu kwa RTS, kisha inatakiwa kubadilisha: DTR iingie, RTS itoke. Kwenye Windows mabadiliko hayo huenda moja baada ya jingine, DTR kwanza. Katika upenyo mdogo ulio kati yake ishara zote mbili ziko pamoja, EN inapanda, GPIO0 bado iko juu, na chipu inaamka kikawaida. GPIO0 inapokuja kushuka, uamuzi umekwisha kupita. Matoleo mapya ya `esptool` kwenye Linux na Mac hubadilisha ishara zote mbili kwa mpigo, ndiyo maana bodi ileile inaweza kugoma kwenye kompyuta moja na kukubali kwenye nyingine.

Tiba ya kudumu ni kapasita kati ya EN na GND, ya mikrofaradi 1 hadi 10. Inaichelewesha EN kupanda, ili GPIO0 iwahi kushuka. Ikiwa kapasita ina upande chanya, uelekeze EN. Mimi ningeanza na ile ya 1. Kipingamizi cha kawaida cha EN ni kiloomu 10, na vikiunganishwa hivyo ucheleweshaji huwa takriban milisekunde 10, unaotosha. Ukiweka 100 kwa kudhani kubwa ni bora zaidi, EN itachelewa kiasi cha sekunde nzima, GPIO0 itakuwa imeachiwa, na utarudi kwenye kosa lilelile.

Kwa ESP32-CAM habari ni tofauti, kwani bodi hiyo haina mlango wa USB wala kitufe cha BOOT. Unganisha IO0 na GND kwa waya, pini hizo ziko jirani, kisha bonyeza RST au ondoa umeme na kuurudisha. Ondoa pia kadi ya kumbukumbu: inatumia GPIO2, na pini hiyo ikivutwa juu chipu haiingii katika hali ya kupokea hata kama IO0 iko chini. Ukimaliza kupakia, toa waya na uwashe upya, la sivyo bodi itaendelea kusubiri programu nyingine na kamera haitafanya kazi.

Ikiwa `waiting for download` inaonekana na bado ujumbe wa kosa ni uleule, achana na GPIO0. Tazama waya unaotoka TX ya kompyuta, kama kweli unaingia RX ya bodi, na kama kuna kitu kingine ulichounganisha kwenye GPIO1 au GPIO3. Na kwa wenye ESP32-C3, pini ya uamuzi ni GPIO9, si GPIO0.