Kasra Iliyopanda Juu: Kuchapa Maandiko Yenye Irabu

Katika maduka ya uchapaji ya Nakuru, Gilgil na Naivasha, ambako walimu wa madrasa hupeleka mazoezi na mitihani ichapwe, limeenea dai kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kubeba aya yenye irabu mpaka inunuliwe programu maalumu, na wapo wanaoshikilia kwamba irabu zinazoruka mahali pake ni dalili ya virusi. Kwa sababu ya dai hilo aya hubandikwa kama picha, ambayo haitafutiki wala kusahihishwa, na ambayo ikipitishwa mara kadhaa katika mashine ya kutolea nakala, nukta na irabu zake hushikana hata mtoto asitambue anachosoma. Virusi havihusiki kabisa, na programu ya kawaida ya kuandikia inatosha.

Kompyuta haihifadhi ba yenye kasra kama umbo moja. Huhifadhi ba, kisha kasra, kila moja ikiwa na namba yake katika Yunikodi, yaani utaratibu wa kimataifa wa kuipa kila alama ya maandishi namba yake, na ni fonti inayoamua, wakati wa kuonyesha, irabu ikae wapi. Katika kibodi ya Kiarabu ya Windows iitwayo Arabic (101), herufi hubonyezwa kwanza, kisha fataha kwa Shift+Q, kasra kwa Shift+A, dhuma kwa Shift+E, sukuni kwa Shift+X, na shada kwa Shift pamoja na kitufe kilicho kushoto kwa tarakimu 1. Irabu iliyokosa herufi ya kuikalia, kwa mfano iliyoandikwa mwanzo wa mstari, kwa kawaida huonyeshwa juu ya kiduara cha vitone, na kiduara hicho ni onyo la kweli linalopaswa kuheshimiwa.

Kosa linalodhaniwa kuwa kubwa kuliko yote, hata hivyo, mara nyingi si kosa. Neno “rabbi” likichapwa kwa irabu zake, huhifadhiwa hivi: ra, fataha, ba, shada, kasra.

```
U+0631 U+064E U+0628 U+0651 U+0650
```

Fonti nyingi, zikifuata desturi ya zamani ya waandishi wa khati, huipandisha kasra ya namna hii ikae juu ya ba lakini chini ya shada, ilhali nyingine huiacha chini ya herufi, kama msahafu wa Madina unavyofanya. Mchapaji asiyeijua desturi hiyo huona kistari juu ya herufi, akakidhania fataha, akakifuta na kuchapa kingine, na mwalimu naye, akiwa na dhana ileile, hukisahihisha kwa kalamu. Kipimo ni rahisi: fataha hukaa juu ya shada, na kasra hukaa chini yake, hata zote mbili zinapokuwa juu ya herufi. Anayetaka uhakika katika Word ya Windows aweke kishale mara baada ya irabu hiyo na abonyeze Alt+X, namba ijitokeze. Ikiwa ni 0650, ni kasra, na Alt+X ikibonyezwa tena huirudisha irabu. Wapo pia wanaobishana kama shada itangulie au ifuate, ubishi usio na tija, kwa kuwa Yunikodi huihesabu mifuatano yote miwili kuwa sawa, na programu inaposawazisha maandishi huitanguliza kasra.

Uharibifu wa kweli hutokea aya inaponakiliwa kutoka PDF, kwa sababu baadhi ya faili hizo huhifadhi maumbo yaliyokwisha kuchorwa badala ya herufi zenyewe. Alt+X ikitoa FC62, hiyo ni shada na kasra zilizogandishwa kuwa umbo moja. Aya kama hiyo haitengenezeki kwa kubadilisha fonti, bali hufutwa na kuchukuliwa upya kutoka chanzo cha maandishi halisi, kama vile mradi wa Tanzil ulioanza 2007, kisha ikapewa fonti iliyoundwa kwa irabu, kama Amiri au Scheherazade New, na kupelekwa kwa mpiga chapa ikiwa PDF yenye fonti ndani yake.

Kwa Kiebrania cha Biblia mfuatano si jambo dogo hivyo. Katika tahajia ya kimapokeo ya jina la Yerusalemu, herufi lamedi hubeba irabu mbili, pataha kisha hiriki, na kusawazisha kulekule kusikoidhuru shada huitanguliza hiriki na kuligeuza neno. Ndiyo maana kati ya irabu hizo mbili huwekwa alama isiyoonekana, U+034F, inayozuia zisipangwe upya.