Bei Mpya Ikae Picha ya Kwanza

Mwoka keki wa nyumbani anayeuza kupitia Instagramu akipandisha bei, mara nyingi huanza mfululizo wa picha zake kwa maua na shukrani ndefu, bei ikijificha mwishoni. Hapo ndipo anapokosea. Wengi huona picha ya kwanza tu, kisha wanapita.

Tuseme keki ya kilo moja aliiuza shilingi 35,000. Mayai, siagi, unga na gesi vilimgharimu 14,000. Sasa ni 18,000. Picha ya kwanza iseme wazi: “Kuanzia tarehe 1 Machi, keki ya kilo moja itakuwa 39,000.” Ya pili ioneshe hizo 4,000 zimetoka wapi, kitu kwa kitu. “Gharama zimepanda” peke yake haimwambii mteja lolote. Na kama sehemu ya nyongeza ni mshahara wa msaidizi, aiandike hivyohivyo. Kuisingizia siagi ni uongo, na wateja nao huenda sokoni.

Picha ya tatu ndiyo naithamini zaidi, maana shukrani hapo inagharimu kitu: aliyekwisha kulipa kianzio atapata keki kwa bei ya zamani, hata kama sherehe yake ni Aprili. Mteja wa miaka mingi hulikumbuka hilo kuliko maneno matamu.

Baada ya kuchapisha, asome maoni. Wakiuliza “Inaanza lini?” au “Oda yangu je?”, tangazo halikueleweka, na maelezo ya chini yarekebishwe siku hiyohiyo.