Umetumiwa linki ya ntheo ya Ikutha na haifunguki? Cheki tofauti ya Public, Unlisted na Private

Chukulia hivi. Jumamosi familia yenu ilikuwa na ntheo hapo Ikutha. Mbuzi walifika, wazee wakakaa chini ya mti, doh ikahesabiwa mbele ya watu, na mjomba mmoja akataja kwa sauti namba ya simu ya kutumiwa mchango. Msee wa kamera alirekodi kila kitu. Jumatatu anakupigia simu: "Vidio iko tayari, niiweke YouTube aje?"

Hapo ndipo wengi huteleza. Wanajibu "weka tu" halafu baada ya wiki moja mtu asiyewajua anachambua mahari ya msichana wenu. Wengine wanafunga vidio kabisa, kisha susu aliye kijijini anashinda akigonga linki isiyofunguka. Shida yote iko kwenye kisanduku kimoja kidogo kinachoitwa Visibility, chenye majina matatu.

Public: mlango wazi

Ukichagua Public, kila mtu duniani anaweza kuiona. Hata linki hahitaji. Anaweza kuipata akisaka jina la ukoo wenu, akiingia kwenye chaneli ya huyo msee wa kamera, ama YouTube yenyewe ikimpendekezea baada ya kutazama harusi nyingine ya Ukambani.

Kama wewe ni msanii wa benga na umetoa ngoma, hii ndiyo yako, kwa sababu unataka wasee wasiokujua wakupate. Lakini kwa ntheo yenye hesabu za familia, fikiria mara mbili.

Unlisted: mwenye linki ndiye mwenye ufunguo

Hii ndiyo inachanganya watu zaidi. Vidio ya Unlisted haionekani ukisaka, wala haikai kwenye orodha ya vidio za chaneli. Lakini yeyote mwenye linki anaifungua. Hahitaji akaunti ya Google, na YouTube haimuulizi yeye ni nani.

Kwa hivyo ukiitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, susu wa Ikutha ataiona kwa simu ya mjukuu, shangazi wa Kibwezi ng'ambo ya mto Athi ataiona, na binamu aliyeko Doha pia ataiona. Hiyo ni poa sana. Noma ni kwamba binamu akiituma kwa rafiki yake, rafiki naye ataiona vilevile. Linki haijui ilitumwa kwa nani kwanza.

Je, mtu anaweza kuikisia? Si rahisi. Kila vidio ina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, ile mikwaruzo inayofuata youtu.be/ kwenye linki. Kukisia hiyo kwa bahati ni kama kutafuta sindano kwenye mchanga wa Athi. Vidio za Unlisted huvuja kwa sababu mtu ameituma mbele, au ameiweka kwenye playlist iliyo Public. Hilo la pili wengi hawalijui: mtu mwingine kabisa akiiongeza kwenye playlist yake ya wazi, wageni wanaweza kuikuta hapo.

Private: jina lako liko kwenye orodha?

Private ni kama geti lenye askari. Kuwa na linki hakusaidii kitu. Anayeingia ni mwenye vidio na wale aliowaalika kwa imeili zao, tena lazima wawe wameingia kwenye akaunti hiyo hiyo ya Google iliyoalikwa. Ukialikwa kwa imeili ya kazi na simu yako iko na imeili nyingine, askari hakujui. Utaona maandishi Private video na vidio haitacheza.

Sasa rudi kwa susu. Hana imeili, na simu anayotumia ni ya mjukuu. Ukiweka Private bila kualika imeili ya huyo mjukuu, umemfungia nje mwenye sherehe. Kwa upande mwingine, aliyealikwa akituma linki mbele, huyo wa pili hapati kitu. Jua pia kwamba vidio ya Private haikubali maoni, kwa hivyo kama familia inataka kuandika pongezi hapo chini, haitawezekana.

Kuiweka Private, tumia kompyuta, hata ya saiba. Ingia studio.youtube.com, bonyeza Content, tafuta vidio, gusa pale chini ya Visibility, chagua Private, kisha Share privately. Andika imeili za watu wako na uhifadhi. Kama ni kubadilisha aina tu, hata simu inatosha: kwenye vidio zako gusa nukta tatu kando ya vidio, chagua Edit, halafu Visibility, kisha Save.

Kwa nini linki ya zamani ilikufa?

Labda una linki ya matanga ama harusi ya miaka ya nyuma, ilikuwa inafunguka fiti, siku moja ikagoma. Kuna sababu moja inayojulikana. Mwaka wa 2017 YouTube ilibadilisha jinsi inavyotengeneza linki za Unlisted ili ziwe ngumu zaidi kugundulika. Kisha tarehe 23 Julai 2021, vidio za Unlisted zilizopakiwa kabla ya 2017 zikageuzwa kuwa Private, isipokuwa mwenyewe alikuwa ameomba zibaki zilivyo. Kwa hivyo kabla ya kulaumu bando, mtafute aliyeipakia. Kama bado ana akaunti yake, anaweza kuirudisha Unlisted mwenyewe.

Na ikishavuja?

Tuseme mliiweka Unlisted na sasa linki imefika kwa grupu ya soko. Kubadilisha jina la vidio hakusaidii, kwa sababu linki inabaki ile ile. Igeuze Private na papo hapo kila aliye na linki anagonga ukuta, hata watu wako. Halafu pakia vidio upya, ipate linki mpya, na uitume kwa wachache. Safari hii mwambie msee wa kamera akate ile sehemu ya namba ya simu na kuhesabu doh. Aliyekwisha kuishusha kwenye simu yake huwezi kumnyang'anya, na hata aliyealikwa kwa Private anaweza kurekodi kioo kwa simu ya pili.

Usimwamini tu mtu anayekuambia "nimeficha." Jipimie. Fungua kivinjari kwenye dirisha la Incognito, ambapo hujaingia kwenye akaunti yoyote, ubandike linki. Ikicheza, ujue linki pekee inatosha kwa mtu yeyote. Kisha fungua chaneli iliyoipakia uangalie orodha ya vidio zake. Ikiwa hapo, ni Public. Ikicheza kwa linki lakini haipo kwenye orodha, ni Unlisted. Ikikataa na kukuonyesha Private video, geti limefungwa.

Kwa hiyo ntheo ya Ikutha, jibu la simu ya Jumatatu ni hili: "Kata namba ya simu na hesabu, weka Unlisted, unitumie mimi linki kwanza niipime." Ile nakala nzima yenye makubaliano ya wazee ibaki Private, na walioalikwa wawe wale tu waliokaa kwenye kile kikao.